Shimo lilikuwa kavu, nikatia saini

Jana msomaji ameniandikia: halmashauri yao imepewa ekari 20 bure za dampo, wamechimba shimo la mita nne na halikutoa maji. Je, waendelee? Niliposoma nilijiona mwenyewe.

Nilikuwa na kiburi cha kijana mwenye cheti. Kwenye ramani tulishafuta sehemu zote zilizo ndani ya mita 500 kutoka kwenye nyumba za watu, na bonde lote linalofunikwa na mto masika. Hatukutaka yarudi ya Vingunguti, taka kumwagwa karibu na Mto Msimbazi. Likabaki eneo moja, mkoani Pwani. Tukachimba Septemba. Mita nne, kavu. Nikatia saini.

Kwenye ukuta wa shimo, kuanzia kama mita moja na nusu kwenda chini, udongo ulikuwa wa kijivu wenye mabaka ya rangi ya kutu. Niliyaona, na picha nilipiga. Bibi mmoja aliyekuwa anapalilia mihogo pembeni akaniambia, "Mjukuu wangu, hapo masika vyura hawatuachi tulale." Nikamwitikia kwa adabu, nikapanda gari.

Yale mabaka ni alama ya maji. Udongo ukijaa maji, chuma kilichomo hupoteza rangi na udongo ukabaki kijivu. Maji yakishuka hewa huingia, chuma kikashika kutu. Pale mabaka yanapoanzia ndipo maji hufika karibu kila mwaka. Mei tuliporudi, maji yalikuwa mita 1.2 tu kutoka juu, na sisi tulishachora sakafu ya dampo kwenye mita tatu! Lawama zikawa zangu. Mwenzangu ambaye hakuwahi kuchafua viatu ndiye aliyesifiwa kwa "kugundua". Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo usichimbe na kuondoka. Tumbukiza bomba la plastiki lenye matundu sehemu ya chini, funika mdomo, kisha pima kina cha maji kila wiki, Machi hadi Juni. Shika kipimo kilichopanda juu kuliko vyote, si wastani. Kati ya hapo na sakafu ya taka mimi sasa nataka mita mbili, na udongo wake uwe mfinyanzi. Kwenye mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, maji machafu ya taka husogea kama sentimita tatu kwa mwaka. Kwenye mchanga mita hizo mbili huisha ndani ya siku moja. Ila usidanganywe na jina: mfinyanzi mweusi wa mbugani hupasuka kiangazi, na maji hupita kwenye nyufa kama kwenye bomba.

Nawe ndugu, ekari za bure mara nyingi ni zile ambazo mwenyewe alishindwa kuzilima kwa sababu ya maji. Muulize jirani anayelima hapo. Halafu nitumie picha ya ukuta wa shimo lako, ya chini sihitaji.