Naumwa na kesho ni mishahara: nimwandikie nini meneja?

"Nimeamka na homa kali na mimi ndiye ninayeandaa mishahara. Nimwandikieje bosi asidhani nategea?"

Ugonjwa upe sentensi moja, maneno mengine yote yawe ya kazi. Hahitaji kujua umetapika mara ngapi. Anataka kujua kama mishahara itatoka. Kichwa cha barua: Naumwa leo, mishahara inahitaji mtu. Kisha:

"Habari za asubuhi. Nina homa tangu usiku, naenda hospitali, leo sitafanya kazi. Orodha ya mishahara imekamilika isipokuwa saa za ziada za watu wa ghala. Faili liko kwenye folda ya Mishahara. Benki mwisho saa tisa alasiri, kwa hiyo mtu aidhinishe kabla ya hapo. Ripoti ya stoo inaweza kusubiri. Jioni nitakujulisha kuhusu kesho."

Usiandike "nitajaribu nikiwa nyumbani" kama huwezi. Watakungoja wewe, na saa tisa itapita.

— Bila cheti cha daktari usiandike kitu, hulipwi.

— Nusu kweli, ndugu. Sheria ya kazi ya Tanzania inamruhusu mwajiri asikulipe usipoleta cheti, ila taarifa haingoji cheti. Tuma asubuhi, cheti kifuate.

— Wangu hafungui barua pepe kabla ya saa tano, na simu za asubuhi zinamkera. Sasa mimi je?

— Hapo mpigie tu, akereke. Barua ibaki kama kumbukumbu.