15 MV au 6 MV kwa uvimbe ulioko ndani ya nyonga?

Swali: Mashine yetu ina fotoni za 6 MV na 15 MV. Tuna mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi, mnene, sentimita 30 kutoka tumboni hadi mgongoni. Nimeambiwa nitumie 15 kwa sababu “inafika ndani zaidi”, lakini mwenzangu anasema 6 inatosha. Nani yuko sahihi? Na kwa nini dozi kubwa haiko kwenye ngozi, mahali mwale unapoingilia?

Jibu: Nianze na ngozi, maana ukiielewa hiyo, mengine yatakuja yenyewe.

Fotoni yenyewe haiachi dozi kubwa pale inapogonga. Inachofanya ni kung’oa elektroni na kuirusha mbele, na ni elektroni hiyo inayoacha nishati yake kidogo kidogo njiani. Kwenye ngozi elektroni zinazopita bado ni chache, kwa kuwa juu yake kuna hewa tu. Ukienda chini kidogo unakutana na zilizong’olewa hapo pamoja na zilizotoka juu, kwa hiyo dozi inapanda. Inaendelea kupanda mpaka kina kinacholingana na safari ya elektroni hizo, kisha fotoni zinavyozidi kupungua, dozi nayo inaanza kushuka. Eneo hilo la kupanda ndilo tunaloliita ukanda wa kujijenga. Kwa 6 MV kilele kiko karibu na sentimita 1.5. Kwa 15 MV elektroni hurushwa kwa nguvu zaidi na kufika mbali zaidi, hivyo kilele kinashuka hadi karibu sentimita 3. (Usidhani kila fotoni ya “6 MV” ina nishati ya 6. Hiyo ndiyo ya juu kabisa. Wastani wake ni kama theluthi moja.)

PDD ni dozi ya kina fulani ikilinganishwa na ya kilele, kwa asilimia. Kwa uwanja wa 10 × 10, ngozi ikiwa sentimita 100 kutoka kwenye chanzo, mwale wa 6 MV hubakiza karibu 67 kwenye kina cha sentimita 10 na 51 kwenye 15. Mwale wa 15 MV hubakiza karibu 77 na 61. Mashine hutofautiana kidogo, na uwanja mpana wa nyonga utapandisha namba hizi zote, kwa hiyo mahesabu ya mgonjwa yafanye kwa majedwali ya mashine yako. Hapa tutumie hizi ili tuone picha.

Tuchukue kwanza miale miwili inayotazamana, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Uvimbe uko katikati, kina cha sentimita 15 kutoka kila upande. Daktari anataka sentigrei 200 kwa siku, yaani 100 kutoka kila mwale.

Kwa 6 MV, ili 100 zifike katikati, kilele cha mwale lazima kipate 100 ÷ 0.51, yaani 196. Lakini kilele hicho cha mbele kinapokea pia mabaki ya mwale wa nyuma uliokwisha kupita sentimita 28.5 za mwili. PDD yake huko ni karibu 24, sawa na sentigrei 47. Jumla 243. Kwa hiyo nyama iliyo sentimita moja na nusu chini ya ngozi inapata asilimia 21 zaidi ya uvimbe wenyewe. Kwa siku 25, uvimbe unapata grei 50, na nyama hiyo inapata zaidi ya 60. Hapo ndipo unapokuja ugumu wa nyama chini ya ngozi baada ya miezi, ilhali ngozi yenyewe pengine haikuonyesha dalili kubwa wakati wa matibabu.

Rudia kwa 15 MV. 100 ÷ 0.61 ni 164. Mabaki ya upande wa pili, kwenye kina cha sentimita 27, ni karibu 36 kwa mia, yaani 59. Jumla 223, au asilimia 11 juu ya uvimbe. Aliyekuambia utumie 15 alikuwa sahihi, mradi alikuwa anafikiria miale miwili.

Mwenzako huenda alikuwa anafikiria minne. Ongeza miale ya ubavuni, kila mmoja utoe sentigrei 50 tu katikati. Tuseme upana wa mgonjwa ni sentimita 40. Kwa 6 MV, PDD ya kina cha 20 ni karibu 38, kwa hiyo kilele cha ubavuni kitakuwa kama 130, na ukijumlisha mabaki ya upande wa pili hakifiki 150. Kilele cha mbele kinashuka hadi kama 120. Hakuna mahali pa kuingilia panapoupita uvimbe tena. 15 MV bado ingekupa namba ndogo zaidi, lakini tofauti si ile ya kukufanya ukose usingizi, na kwa miale inayozunguka mwili mzima inapungua hata zaidi. Kwa mgonjwa huyu, nikiwa na miale minne au zaidi, ningechukua 6 bila wasiwasi. Nikibakiwa na miwili tu, ningechukua 15.

Kwa nini tusitumie 15 daima? Fotoni zenye nishati hiyo hung’oa nyutroni kwenye tungsteni na risasi za kichwa cha mashine. Mgonjwa anapata dozi ndogo ya ziada mwili mzima, na ndiyo maana mlango wa chumba huwekewa tabaka la polithini yenye boroni. Mgonjwa mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asipewe mwale wa zaidi ya 10 MV kama kuna njia nyingine, kwani nyutroni zinaweza kuvuruga saketi zake.

Sababu ya pili ndiyo inayosahaulika, na iko palepale kwenye ukanda wa kujijenga. Saratani ya shingo ya kizazi ikishuka hadi theluthi ya chini ya uke, tezi za kinena huingizwa kwenye eneo la kutibiwa. Kwa mgonjwa mwembamba tezi hizo zinaweza kuwa sentimita 2 tu chini ya ngozi. Mwale wa mbele wa 15 MV hapo bado haujafika kilele chake, na sehemu ya tezi iliyo juu zaidi inapata pungufu. Kompyuta ya mpango inaweza isikuonye vizuri, kwa sababu dozi ya milimita za kwanza ni ngumu kuipima na ngumu kuikokotoa. Kwa mgonjwa wako mwenye mafuta mengi tezi huenda ziko ndani zaidi, lakini usikisie: pima kina kwenye picha za CT, kila upande. Zikiwa juu, tumia 6 MV kwa mwale wa mbele, au tandika bolasi, yaani tabaka linaloiga nyama ya mwili, yenye unene wa sentimita moja juu ya kinena, ukijua kwamba bolasi inahamishia mwanzo wa kupanda kwenye uso wake na ngozi itaungua zaidi.

Jambo hilohilo hutokea bila kukusudia. Meza ya kaboni chini ya mgonjwa, au mkunjo wa tumbo ulioangukia kinena, ni bolasi ambayo hakuna aliyeiagiza. Ukiona wekundu mkali wa mstari mmoja kwenye mkunjo wiki ya tatu, usianze kushuku mashine. Nyanyua mkunjo, uubandike kwa plasta, kisha usome upya umbali wa ngozi kabla ya kuwasha mwale.