Kiungo cha Ajira Katika Kundi la Ukoo

Swali: Shangazi ametuma katika kundi letu la WhatsApp tangazo la ajira za serikali. Linamtaka kila mwombaji alisambaze kwa watu 15 ndipo fomu yake ipokelewe. Halina ile mishale ya ujumbe uliosambazwa, na picha yake ina nembo ya taifa. Vijana watatu wa kwetu wanataka kujaza leo. Nitajuaje kama ni la kweli? Kiungo nimekiambatanisha.

Jibu: Tangazo hilo ni la uongo, na kilichonithibitishia si lugha yake wala picha yake, bali anwani yenyewe. Nainakili hapa, ila mkia wake nimeubadilisha makusudi ili mtu asije akaufungua:

```
https://ajira.go.tz.nafasi-mpya.example/omba
```

Anwani ya tovuti husomwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Weka kando `https://`, nenda hadi kwenye alama ya mkwaju, `/`, ya kwanza inayofuata, simama hapo, kisha rudi kushoto. Vipande vilivyo karibu kabisa na mkwaju huo ndivyo vinavyomtaja mwenye tovuti, na hapa ni `nafasi-mpya.example`. Maneno `ajira.go.tz` yaliyotangulia ni pambo tu, kwa kuwa mtu akishasajili jina lake anaweza kubandika mbele yake neno lolote bila kuomba ruhusa, kama vile mwenye nyumba anavyoweza kuandika "Ikulu" juu ya mlango wa banda lake la kuku. Tovuti ya kweli ya maombi ya Sekretarieti ya Ajira ni `portal.ajira.go.tz`, ambapo `go.tz` iko mwishoni kabisa, na jina lenye mwisho huo hupewa taasisi za umma pekee. Angalia pia vistari: `ajira-go-tz` si sawa na `ajira.go.tz`. Ile alama ya kufuli isikutulize, kwa maana inaonyesha tu kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamefichwa wasiyasome wengine. Haisemi tovuti ni ya nani. Nembo nayo huchaguliwa na yule aliyetengeneza ukurasa.

Kuhusu mishale, hapo ndipo wengi hupotoka. WhatsApp huweka mshale mmoja mtu anapoutuma mbele ujumbe aliopokea, na mishale miwili ujumbe ukiwa umepita mikono mitano au zaidi. Lakini shangazi yako hakuutuma kwa njia hiyo. Alijaza fomu, ukurasa ukamwambia abonyeze kitufe cha kusambaza, kitufe kikafungua WhatsApp kikiwa na maandishi tayari, naye akachagua kundi lenu. Kwa WhatsApp, maandishi hayo ni mapya, kana kwamba ameyaandika yeye mwenyewe, na ndiyo maana hayana alama. Kunakili na kubandika huleta matokeo hayo hayo. Kwa hiyo mishale miwili ni sababu ya kusita, ila kukosekana kwake hakuthibitishi chochote.

Sharti la watu 15 nalo linajifichua. Ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kujua kama ujumbe ulimfikia mtu. Ule mstari unaojaa kila unapobonyeza huhesabu mibonyezo tu. Kazi yake ni kuwafanya ndugu wawe wasambazaji, kwa sababu kiungo kinachotoka kwa shangazi hufunguliwa haraka kuliko kinachotoka kwa namba ngeni. Tazama pia maneno "mwisho ni kesho usiku" bila tarehe. Kesho ya lini? Ujumbe wa namna hiyo unaweza kuzunguka mwaka mzima bila kuchakaa.

Njia hii ya kusoma anwani ina mipaka. Kiungo kilichofupishwa huficha mwisho wake, na picha ya barua haina kiungo kabisa. Katika hali zote mbili, andika mwenyewe anwani ya taasisi katika kivinjari, kisha utafute tangazo lenye cheo, tarehe na namba ya kumbukumbu zinazolingana. Usipoliona huko, vijana wasijaze.

Mpigie shangazi simu badala ya kumsahihisha mbele ya ukoo mzima, na umuulize kwa upole aliandika nini katika fomu ile. Kama ni jina na namba ya simu tu, ajihadhari na watakaompigia wakijifanya maofisa wa usaili wanaotaka ada. Kama aliandika namba ya siri ya akaunti ya pesa za simu, aibadilishe sasa hivi, kabla hamjamaliza mazungumzo mengine. Kisha aufute ujumbe kwa wote. Akiwa amechelewa, msimamizi wa kundi anaweza kuufuta kwa niaba yake.