Kuota umeshaamka na umeanza kujiandaa, mbona inakuwa kweli kabisa?

"Wakuu nimeota nimeamka, nimenawa uso, nimevaa, niko mlangoni kabisa natoka, kumbe bado nimelala. Mbona ilikuwa kama kweli? Ni ugonjwa huu?"

Siyo ugonjwa mkuu, tulia. Mimi hii kitu inanitembelea tangu ujana, na karibu kila mara inakuja alfajiri, ile alamu imelia, umeizima, umejisemea ngoja nijiibie dakika kumi tu.

Usingizi unakwenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kila mzunguko una kipindi cha ndoto, kile macho yanachezacheza chini ya kope. Mwanzo wa usiku hicho kipindi ni kifupi ila kadiri kunavyokucha kinarefuka, kinaweza kugonga nusu saa na zaidi. Sasa wewe umezima alamu ukarudi kulala saa hizo hizo, unadondokea kwenye ndoto karibu moja kwa moja, na kichwani umeingia na wazo moja tu, kwamba inabidi niamke. Ndoto inalichukua hilo wazo inaanza nalo kazi.

Kuhusu kuwa kama kweli, watu wengi wanadhani ubongo unatengeneza kitu cha ajabu sana, mimi naona ni kinyume chake. Asubuhi yako halisi wewe mwenyewe huiangalii. Mkono unaufuata mswaki wenyewe, vifungo vya shati vinafungwa huku unawaza mambo mengine, chumba unakijua hata gizani. Kwa hiyo ndoto haina haja ya kubuni chochote, inacheza tu mkanda ulioupiga mara elfu. Na zile sehemu za ubongo zinazoendesha mwendo zinafanya kazi kwenye ndoto kama vile unatembea kweli, ila amri inazuiwa chini huko kwenye shina la ubongo isifike kwenye misuli, ndo maana unahisi sakafu ya baridi miguuni na mwili haujasogea hata kidogo. Halafu sehemu ya mbele ya ubongo, hii ya nyuma ya paji la uso inayouliza "hii imekaaje?", saa hizo imepoa sana. Yaani mlinzi kalala, anayeingia anaingia.

Nikupe mfano. Niliamka (ndotoni), nikapiga mswaki, povu nalihisi kabisa mdomoni, nikashika simu kuangalia saa, saa 12:40. Nikafunga kifungo kimoja cha shati, nikaangalia tena, saa 3:15. Mtu mwenye akili zake hapo angeshtuka, mimi nikajisemea tu aah leo muda unakimbia, nikaendelea na vifungo, na vifungo haviishi, nafunga cha juu nakuta cha chini kimefunguka, wala sishangai. Kasoro zilikuwepo tele ila kila moja ilipata kisingizio chake palepale. Kisha nikaamka, nikamsimulia mtu wa nyumbani hiyo ndoto, tukacheka, na yeye pia alikuwa ndani ya ndoto.

Kujitambua usitumie kujifinya, maumivu yanaotwa pia. Soma maandishi au saa, geuza macho pembeni, soma tena, ndotoni mara nyingi yanabadilika. Swichi ya taa nayo inasumbua, unabonyeza chumba kinabaki vilevile. Ninachokiamini zaidi ni kubana pua na kufunga mdomo halafu ujaribu kuvuta pumzi, hewa ikiingia ujue bado umelala, maana mapafu yako ya kweli yanaendelea kupumua kitandani. Shida ni kwamba ndotoni hutakumbuka kupima kwa sababu huna wasiwasi wowote, hivyo lazima iwe mazoea, kila ukifumbua macho asubuhi unabana pua hata kama una uhakika umeamka, mpaka nayo iingie kwenye ule mkanda. Na hata hapo siyo kila mara inanasa.

Kuna aina nyingine, Mwingereza Celia Green aliitenga na hii ya kawaida mwaka 1968, ile unaamka kitandani kwako kila kitu kiko mahali pake ila hali ya hewa ya chumba imejaa hofu, kama kuna jambo linakuja. Hiyo inatisha zaidi, ila nayo ni ndoto tu.

Cha kukupeleka kwa daktari ni kama mchana usingizi unakukamata ghafla katikati ya shughuli, au ukicheka sana magoti yanalegea. Kama hayo huna, weka simu mbali na kitanda ili uizime ukiwa umesimama, na usirudi kulala, kwangu imepunguza sana.