Mzingo na kimo cha lundo la mahindi

Swali: "Tulipokuwa tukikadiria mahindi yaliyolundikwa uani, mwenzangu aliandika 'mzunguko' na 'urefu' wa lundo, mimi nikaandika 'mzingo' na 'kimo'. Je, hii ni tofauti ya maneno tu, au hesabu nayo inabadilika?"

Jibu: Katika jozi ya kwanza hesabu haibadiliki, lakini katika jozi ya pili inaweza kubadilika zaidi ya maradufu, na ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye hiyo ya pili.

"Mzunguko" ni tendo la kuzunguka au njia ya kitu kinachozunguka, kama tunavyosema mzunguko wa damu au mzunguko wa fedha. "Mzingo" ni urefu wa mstari unaolizinga umbo. Aliyezungusha kamba kwenye ukingo wa lundo, akarudi alikoanzia na kuipima kamba hiyo, amepata mzingo. Akiuita mzunguko ataeleweka na jibu lake litabaki lile lile, ingawa katika maandishi ya hisabati ningeshika "mzingo".

"Urefu" ni neno pana mno kwa kazi hii. Lundo la mahindi yaliyopukuchuliwa, likimiminwa mahali tambarare, huchukua umbo la pia, yaani umbo la kile kichezeo cha watoto kinachochongwa kwa mti na kuzungushwa kwa kamba. (Neno hili lisichanganywe na "pai", ile namba inayokaribia 3.14, kwa kuwa yote mawili yatakutana katika hesabu moja.) Pia ina urefu wa namna mbili: ule unaoshuka wima kutoka kileleni hadi usawa wa ardhi, ambao ndio kimo, na ule unaoteremka ubavuni kutoka kileleni hadi ukingoni, ambao huitwa kimo mshazari. Mtu akiambiwa apime "urefu wa lundo", mkono wake huenda wenyewe ubavuni, kwa sababu huko ndiko utepe unakolala bila kuzuiwa na kitu.

Tuchukue lundo lenye mzingo wa mita 9.42 na kimo cha mita 0.8. Ujazo wa pia ni theluthi ya ujazo wa mcheduara wenye kitako na kimo kile kile, na kwa kuwa hatuwezi kupitisha utepe katikati ya mahindi ili kupata kipenyo, tunatumia mzingo moja kwa moja:

V = C² × h ÷ (12 × π)

Hapa C ni mzingo, h ni kimo, na 12 mara pai ni karibu 37.7. Mzingo ukizidishwa kwa wenyewe ni 88.74, ukizidisha kwa 0.8 na kugawanya kwa 37.7, unapata mita za ujazo 1.88, yaani lita 1,880, ambazo ni madebe 94 ya lita 20 yaliyofutwa juu. Ubavu wa lundo hilo hilo una mita 1.7. Aliyeuandika huo kuwa ndio "urefu" na kuutumia mahali pa kimo atapata mita za ujazo 4.00, yaani madebe 200, na madebe 106 kati ya hayo hayapo uani.

Ikiwa mmekwisha kupima ubavu, kazi haijapotea. Gawanyeni mzingo kwa 6.28 mpate nusu kipenyo, ambacho hapa ni mita 1.5, kisha toeni kipeo chake cha pili katika kipeo cha pili cha ubavu: 2.89 kutoa 2.25 ni 0.64, na kipeo cha pili cha 0.8 ni 0.64, kwa hiyo kimo ni mita 0.8. Njia nyingine ni kuchomeka ufito mwembamba wima kileleni hadi uguse ardhi, kisha kupima sehemu iliyozama.

Mzingo nao una hatari yake, nayo haitokani na jina. Kwa kuwa unazidishwa kwa wenyewe, kosa la asilimia 10 katika kamba huwa kosa la asilimia 21 katika ujazo. Punje zilizotawanyika nje ya ukingo zifagiliwe kwanza zirudi kwenye lundo, na kamba ilale chini kabisa bila kulegea. Aidha, kanuni hii ni ya pia kamili. Lundo lililoegemea ukuta huwa karibu nusu pia: pimeni ukingo wake ulio wazi, zidisheni kwa 2 mpate mzingo, tafuteni ujazo, kisha mgawanye kwa 2. Lililokanyagwa kileleni likawa bapa si pia tena, na kimo chake kitatoa jibu dogo kuliko mahindi yaliyopo.