Tunga data kwanza, maswali baadaye: jaribio la Excel kwa mzigo wa dagaa

Jaribio la kwanza la Excel nililotunga hapa Mwanza lilikuwa na maswali mazuri na data mbovu. Niliwapa wanafunzi mizigo mitano ya samaki, nikawaambia watafute jumla. Kijana mmoja wa safu ya mbele alitoa simu, akafungua kikokotoo, akajumlisha, akaandika jibu kwenye seli kwa mkono. Jibu lilikuwa sahihi na mwongozo wangu wa kusahihisha ulisema "jumla sahihi, alama 4". Nikampa zote nne, na hakuwa ameandika fomula hata moja.

Kwa hiyo wewe unayeanza kutunga, nikushauri jambo moja ambalo lilinichukua muda kulielewa: kazi kubwa ya mtunzi ni kupanga data kiasi kwamba kila kosa la kawaida lizae namba yake. Ukifanya hivyo, unatazama jibu na unajua mtahiniwa alipotelea wapi. Usipofanya hivyo, utakaa usiku ukifungua seli moja moja.

Nitaeleza kwa jaribio ninalolitumia kwa wanaomaliza kozi ya awali. Mfanyabiashara wa Mwaloni, Kirumba, amepokea mizigo 8 ya dagaa wakavu kutoka visiwani. Bei na ushuru nimevibuni, na kwenye karatasi ya maswali naandika wazi kwamba ni vya kubuni. Usipoandika, mwanafunzi ambaye mama yake anauza dagaa palepale sokoni atanyosha mkono kubishana na bei badala ya kufanya kazi.

Faili nawapa tayari, hawaandiki data wenyewe. Kupima uandishi ni swali jingine na karatasi nyingine. Mtu akikosea kuandika kilo moja hapa, majibu yote ya chini yanaharibika na wewe hujui umpime nini. Kiwango cha ushuru, 3%, kiko seli B2. Mstari wa 3 ni mtupu. Vichwa viko mstari wa 4: Tarehe, Mwalo, Kilo, Bei, Malipo, Ushuru, Daraja, kuanzia safu A hadi G. Data inaanza mstari wa 5 na kuishia wa 12. Ukiacha tarehe, mtahiniwa anakuta hivi:

```
Mstari  Mwalo    Kilo   Bei
5       Ukara    120    3500
6       Kome      80    4000
7       Ukara     95    4200
8       Irugwa   100    3800
9       Kome     250    3000
10      Irugwa    60    4500
11      Ukara     90    4000
12      Kome      75    4400
```

Maelezo ya data kwenye karatasi ya maswali yawe mafupi lakini yasiache swali. Mimi naandika: kila mstari ni mzigo mmoja, kilo ni uzito wa mzigo wote, bei ni shilingi kwa kilo moja, ushuru unatozwa kwenye malipo, mzigo wa kilo 100 au zaidi huitwa "Mkubwa", ulio chini ya hapo "Mdogo". Zingatia hayo maneno "100 au zaidi". Ukiandika "zaidi ya 100" umebadilisha jibu, na ukiandika "kuanzia kama 100 hivi" umejitafutia rufaa.

Fomula ninazotarajia ni hizi, na hakuna zaidi:

```
E5:  =C5*D5
F5:  =E5*$B$2
G5:  =IF(C5>=100,"Mkubwa","Mdogo")
C13: =SUM(C5:C12)
E13: =SUM(E5:E12)
F13: =SUM(F5:F12)
C15: =SUMIF(B5:B12,"Kome",C5:C12)
C16: =E13/C13
C17: =COUNTIF(G5:G12,"Mkubwa")
```

Majibu sahihi: kilo 870, malipo 3,229,000, ushuru 96,870, kilo za Kome 405, wastani wa bei kwa kilo 3,711.49, mizigo mikubwa 3.

Sasa tazama namna data inavyofanya kazi. Kwenye ushuru, mtahiniwa akisahau alama za dola akaandika `=E5*B2` na kuburuta chini, mstari wa kwanza unatoa 12,600, na hilo ni jibu sahihi. Wa pili unatafuta B3, ambayo ni tupu, unatoa 0. Wa tatu unafika B4, yenye neno "Mwalo", na Excel inatoa `#VALUE!`. Ndiyo sababu nikauacha mstari wa 3 mtupu na kuiweka B2 juu ya safu yenye maneno. Ningeiweka juu ya safu ya kilo, fomula isiyofungwa ingetoa `#VALUE!` kwenye mstari wa 7 tu, kisha kuanzia wa 8 ingezidisha malipo kwa kilo na kutoa mamilioni, na mtahiniwa mwenye haraka angedhani kosa ni la seli moja.

Kwenye wastani wa bei, wengi wataandika `=AVERAGE(D5:D12)`. Hiyo inatoa 3,925, kana kwamba mizigo yote ina uzito sawa. Nilipotunga mara ya kwanza, mizigo ilikuwa na uzito wa kukaribiana na bei za kukaribiana, hivyo majibu mawili yalitofautiana kwa shilingi chache tu. Ukiwaruhusu kukadiria, hujui nani ni nani. Ndipo nikaufanya mzigo mmoja wa Kome uwe mzito na wa bei nafuu, kilo 250 kwa 3,000. Sasa tofauti inazidi shilingi 200.

Daraja lilinitega mimi mwenyewe. Mwanzoni mstari wa 11 ulikuwa kilo 100, kama wa 8. Niliona ni vizuri mizigo miwili iwe na kilo 100 kamili, palepale kwenye mpaka wa daraja. Mizigo mikubwa ikawa 4. Kisha nikajaribu kukosea makusudi: nikageuza fomula, walio chini ya 100 nikawaita wakubwa. Jibu likatoka 4 vilevile, kwa kuwa mizigo ni 8 na imegawanyika nusu kwa nusu. Fomula iliyopinduka ingepata alama kamili. Nikaubadilisha mstari wa 11 kuwa kilo 90. Sasa fomula sahihi inatoa 3, aliyeandika `>` badala ya `>=` anapata 2, aliyepindua anapata 5. Kila karatasi unayotunga, ifanye hivyo: ijibu kwa usahihi mara moja, halafu ijibu kwa kila kosa unalolijua, na uandike namba zote pembeni. Mbili zikilingana, badilisha data, siyo swali.

Nimeacha mtego mmoja kwa makusudi. Seli C9, ile ya kilo 250, imehifadhiwa kama maandishi, siyo namba. Mtego huu naupenda kwa sababu hausemi uongo waziwazi. `=C9*D9` bado inatoa 750,000, maana kwenye kuzidisha Excel huyageuza maandishi yenye tarakimu kuwa namba. Daraja nalo linatoka "Mkubwa", kwa kuwa Excel ikilinganisha maandishi na namba huyahesabu maandishi kuwa makubwa. Lakini `SUM` inairuka seli hiyo, kilo zinakuwa 620 badala ya 870, na Kome inashuka hadi 155. Kisha wastani unatoka 5,208.06, na hapo ndipo mwenye akili ya biashara anapostuka: mzigo wa bei ya juu kabisa ni 4,500, wastani utaupitaje?

Ili mtego uwe wa haki, nauacha uonekane. Tarakimu imelala kushoto ilhali nyingine ziko kulia, na pembetatu ndogo ya kijani iko kwenye kona ya seli. Ukiipanga safu nzima katikati ili ipendeze, umeificha dalili moja na umemwonea mtahiniwa. Na swali liseme: "Kagua data, rekebisha kasoro moja kabla ya kuanza." Mtego usiotajwa popote haupimi ujuzi wa kozi ya awali.

Alama ni 20. Malipo 3: fomula sahihi 2, imefika mistari yote 8, 1. Ushuru 4: kuzidisha 1, kurejelea B2 badala ya kuandika 0.03, 1, kuifunga 2. Jumla tatu za mstari wa 13, alama 2. Kurekebisha C9, alama 3. Daraja pamoja na idadi 3, Kome 3, wastani 2. Wenzangu huniuliza kwa nini kuifunga B2 kuna alama nyingi kuliko kuzidisha. Kuzidisha anakujua hata asiyesoma kompyuta.

Aliyeukosa mtego usimwadhibu mara nne. Amepoteza 3 za C9, basi. Akiwa na 620, 155 na 5,208.06 kwa fomula zilizo sawa, anapata alama zake za jumla, za Kome na za wastani kwa kufuatia kosa la awali. Ndiyo maana namba hizo lazima ziwe kwenye mwongozo. Msahihishaji mwenzako hawezi kukisia 5,208.06 imetoka wapi.

Kusahihisha, nakala ya faili ndiyo unayoichezea, la mtahiniwa liache kama lilivyo. Badilisha B2 iwe 5%. Aliyesahihisha C9 au asiyesahihisha, ushuru lazima uwe 161,450. Ukibaki 96,870, namba iliandikwa kwa mkono au 3% imo ndani ya fomula. Kisha rudisha 3%, badilisha C6 kutoka 80 iwe 180: kilo ziwe 970, Kome 505, mizigo mikubwa 4. Kwa asiyesahihisha C9, zitakuwa 720 na 255. Kisichosogea, bonyeza `Ctrl` na kitufe cha `` ` ``, fomula zote zijitokeze, uone kilichomo. Dakika tatu kwa faili, nne akiwa amepanga vitu mahali pake mwenyewe.

Waketi karibu na wanachunguliana? Nusu ya kompyuta zipe faili lenye B2 ya 4%. Ushuru wao ni 129,160, na atakayeandika 96,870 kwenye faili hilo hahitaji kuulizwa mengi.

Na umeme. Dakika ya kwanza wote wahifadhi faili kwa namba yao ya mtihani, na uwatangazie kuhifadhi kila baada ya swali. Excel hujiwekea nakala ya dharura kila dakika 10 isipobadilishwa, na chumba kisichokuwa na betri za akiba kinaweza kumpotezea mtu dakika tisa na nusu za kazi. Muda uliopotea mrudishie, uandike kwenye fomu ya usimamizi, saa ngapi umeme ulikatika na saa ngapi ulirudi.