Nesi ameshindwa kunipima

"Niko Moshi. Nesi alishindwa kunipima mlango wa kizazi, nilibana bila kutaka. Mume anasema simpendi."

Pole mdogo wangu. Misuli ya nyonga inajifunga yenyewe kwa kuogopa maumivu, kama jicho linavyofumba. Mapenzi hayahusiki, mwambie shemeji.

Kuna dada humu kashauri mazoezi ya kubana misuli hiyo. Yupo sawa nusu: wewe kubana unajua, kinachokosekana ni kuachia. Bana kidogo, kisha toa pumzi polepole ukilegeza, kama unayeanza kukojoa.

Mimi nilianza kwa kuingiza ukeni ncha ya kidole kidogo, kilainishi cha maji, dakika kumi hivi jioni. Misuli ikikaza, usisukume wala usichomoe haraka: tulia, pumua, isubiri iachie. Kidole cha kati kilikuja wiki ya tano. Baadaye fiziotherapia walinipa vipanuzi, vijiti laini vya saizi tofauti vya kuingiza ukeni, na saizi inayofuata ni pale ya kwanza isipouma tena. Tendo lisitishwe kwanza, ukivumilia maumivu mwili unazidi kujifunga.

Kuna anayesema humu kuwa ni fangasi, hata hiyo ipimwe kwanza. Ulizia fiziotherapia hospitali ya KCMC hapo Moshi. Ukirudi kupimwa, omba kifaa kidogo, uingize mwenyewe.

— Mimi nilijifungua salama ila baada ya kushonwa ndiyo ikaanza. Ni hiyohiyo?

Yaweza kuwa kovu, mama. Lazima uangaliwe.